Shajara ya mradi: makala 87 za kuku zilizokaa yatima

Siku ya 1, Jumamosi

Naanza kuandika hapa ili nisisahau nimegusa nini, mana mara ya mwisho nilibadilisha vitu kwenye tovuti usiku wa manane na kesho yake sikukumbuka hata kimoja.

Tovuti yenyewe ni ya ufugaji wa kuku, iko kwenye WordPress na ina makala 214. Mwandishi ni shangazi, alikuwa afisa mifugo miaka mingi kabla hajastaafu, mi ni fundi tu wa kupandisha na kupaka rangi. Jana kanipigia, nikamwamkia, akaitikia marahaba halafu moja kwa moja: "Mwanangu, ile ya Gumboro mbona nikitafuta Google siioni? Nimeandika wiki mbili mimi." Gumboro ni ugonjwa wa kuku. Nikamwambia shangazi subiri nicheki.

Nimeingia Search Console, chombo cha Google cha kumwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona, nikabandika anwani ya hiyo makala pale juu. Jibu: `Discovered - currently not indexed`. Nikashuka chini kwenye sehemu ya ugunduzi, `Sitemaps` inaonyesha `wp-sitemap.xml`, `Referring page` imeandikwa `None detected`. Yaani Google anajua ipo kwasababu tumempa orodha, ila hajakuta ukurasa hata mmoja kwenye tovuti yetu unaomwambia msomaji "pita huku". Ni sawa na mtu yupo kwenye daftari la mjumbe lakini mtaani hakuna anayemfahamu.

Nikafungua ripoti ya `Links`, upande wa `Internal links`. Kurasa zinazoongoza kwa kuunganishwa ndani ya tovuti yetu ni "Kuhusu sisi", "Wasiliana nasi" na "Sera ya faragha". Si kwamba watu wanazipenda, ni kwasababu zipo kwenye sehemu ya chini kabisa ya kila ukurasa. Ratiba ya chanjo, ambayo ndo inaleta watu, iko mbali huko chini. Nimecheka kidogo halafu nikaacha kucheka.

Siku ya 2, Jumapili

Leo nilitaka kujua Gumboro ni ya peke yake au kuna wenzake. Makala ambayo hakuna makala nyingine inayoitaja kwa linki mi naiita yatima. Plagini za kuhesabu zipo lakini sikutaka kuongeza mzigo, nikaiuliza databesi yenyewe:

```sql
SELECT p.ID, p.post_name FROM wp_posts p
WHERE p.post_type='post' AND p.post_status='publish'
AND NOT EXISTS (
  SELECT 1 FROM wp_posts q
  WHERE q.post_status='publish'
  AND q.post_type IN ('post','page')
  AND q.ID <> p.ID
  AND q.post_content LIKE CONCAT('%/', p.post_name, '/%')
);
```

Kwa Kiswahili cha kawaida: nipe kila makala iliyochapishwa ambayo jina lake la kwenye anwani halionekani ndani ya maandishi ya makala au ukurasa mwingine wowote. Ikarudisha 91.

Sikuiamini moja kwa moja, nikazipitia kwa macho, na vizuri nilifanya hivyo. Nne hazikuwa yatima, zilikuwa na linki ila mtu (mimi) aliziandika bila mkwaju wa mwisho, `/banda-la-miti"` badala ya `/banda-la-miti/"`, kwahiyo swali langu halikuzinasa. Zikabaki 87. Na kinyume chake pia kipo, kuna makala yenye jina `chotara` na kuna kategoria inaitwa hivyo hivyo, sasa linki ya kwenda kwenye kategoria ikahesabika kama ya makala. Hiyo nikaiongeza mwenyewe kwa mkono ila nyingine nikaitoa mana ilikuwa tangazo la zamani, hesabu ikarudi 87. Makala 87 kati ya 214, yaani karibu mbili katika kila tano.

Angalizo kwa atakayejaribu: hii inaangalia maandishi ya makala tu, haioni menyu wala vile viboksi vya pembeni. Mi nilitaka hivyohivyo, nataka kujua nani katajwa na mwenzake kwenye stori.

Siku ya 4, Jumanne

Kuna kitu kilinisumbua. Yatima si bado wanaonekana kwenye kurasa za orodha, ukurasa wa 2, wa 3, mpaka wa mwisho? Makala 214, kumi kwa kila ukurasa, ni kurasa 22. Google si angefika tu taratibu?

Nikakumbuka mwaka jana tulibadilisha themu. Themu ya zamani ilikuwa na namba chini, hii mpya ina kitufe kizuri cha "Pakia zaidi". Nikachungulia kilichoandikwa:

```html
<button onclick="pakiaZaidi()">Pakia zaidi</button>
```

Hapo ndo nikaelewa. Roboti ya Google inafuata linki yenye `<a href="...">`, hiyo imeandikwa wazi kwenye maelezo yao. Inaweza kuendesha JavaScript na kuona ukurasa ulivyo baada ya kupakia, lakini haibonyezi vitufe. Kwahiyo kwake yeye orodha yetu ilikuwa na makala kumi za mwanzo, basi, baada ya hapo ni ukuta. Binadamu anabonyeza anaendelea, roboti inageuza.

Nimeuondoa, nikarudisha namba kwenye faili la themu ndogo:

```php
the_posts_pagination( array( 'mid_size' => 2, 'end_size' => 2 ) );
```

Hiyo `end_size` ina maana yake. Kama ningeweka "za nyuma" na "za mbele" peke yake, makala ya kwanza kabisa ya shangazi ingekuwa mibonyezo 22 kutoka mwanzo: 21 kufika ukurasa wa 22, na mmoja wa kuifungua. Ukionyesha namba mbili za mwisho muda wote, unaruka mpaka 22 kwa mbonyezo mmoja. Za katikati ndo bado ziko mbali, nitazikuta mbele.

Ila hata hii ni mlango tu. Linki ya kwenye orodha haimwambii mtu kwanini aende huko, inamwambia tu kwamba iko.

Siku ya 8, Jumamosi

Nilitafuta njia ya mkato. Wiki nzima najiambia kwanini niunganishe kwa mkono makala 87 wakati kuna plagini za "makala zinazofanana". Nikaweka moja, inajipachika chini ya makala na kuchagua tano zenyewe.

Chini ya "Dalili za Gumboro kwa vifaranga" ikaleta: jinsi ya kutengeneza kihenge cha chakula, jinsi ya kuuza mayai kwa jumla, jinsi ya kumtambua jogoo mzuri. Hakuna chanjo. Hakuna hata ugonjwa mmoja. Nikashangaa, maana makala za magonjwa zipo zaidi ya 40.

Nimekaa nayo jioni nzima na nadhani nimeipata. Plagini hii inatumia faharasa ya `FULLTEXT` ya MySQL. Faharasa hiyo inatupa maneno mafupi, chini ya herufi tatu hayaingii, kwahiyo "ya", "wa", "na" yanatoka yenyewe, hapo sawa. Halafu ina orodha yake ya maneno ya kupuuza, 36 tu, mengi ni ya Kiingereza. Sasa "kwa", "jinsi", "kama", "kuhusu" hayamo. Kwake yeye "jinsi" nalo ni neno la kulinganishia, na shangazi vichwa vyake vingi vinaanza na jinsi.

La pili ndo baya zaidi. Faharasa inalinganisha neno zima kwa neno zima. Kiswahili chetu kinabadilisha neno kwa mbele. Makala moja inasema "ugonjwa", nyingine "magonjwa". Hii "kifaranga", ile "vifaranga". "Chanjo", "kuchanja", "wamechanjwa", "hujachanja", msomaji anajua ni jambo lilelile, mashine inaona maneno manne ambayo hayajawahi kukutana. Kwahiyo makala ya dalili iliyojaa "kifaranga" haimjui ndugu yake aliyejaa "vifaranga", lakini wote wawili wanamjua sana bwana "jinsi".

Orodha ya kupuuza unaweza kuibadilisha ukiwa na seva yako, sisi tuko kwenye hostingi ya kushea na mipangilio hiyo hairuhusiwi kuguswa. Na hata ukiibadilisha, hilo la pili linabaki palepale. Nimeitoa plagini.

Siku ya 9, Jumapili

Sijakoma. Leo nimejaribu aina nyingine, unaipa neno na anwani, inageuza neno hilo kuwa linki popote linapotokea. Nikaipa "yai" iende kwenye makala ya kutotolesha. Sikuweka alama kwenye kile kiboksi cha "neno zima tu", nikidhani nina akili, nitanasa na "mayai" humohumo.

Matokeo: "ma" nyeusi, "yai" bluu imepigiwa mstari. Kwenye makala nzima. Shangazi kaiona kabla yangu, kanitumia picha ya skrini na neno moja, "Hii?"

Nikaweka alama kwenye kiboksi, sasa "mayai" zote zikaachwa kabisa na zikabaki "yai" chache. Nikaiongezea "chanjo" iende kwenye ratiba, makala moja ikapata linki 31 za kwenda sehemu ileile. Mtu anasoma anaona kama karatasi imemwagikiwa wino. Nimeitoa na hii. Bakapu ilikuwepo, na plagini yenyewe haikubadilisha maandishi ya makala kwenye databesi, ilikuwa inapaka juu tu, kwahiyo kuitoa kumesafisha.

Basi mkono.

Siku ya 13, Alhamisi

Nimeanza na Gumboro yenyewe ili nipate utaratibu, halafu nirudie kwa wengine.

Hatua ya kwanza, nani tayari anaitaja bila kuiunganisha:

```
wp db query "SELECT post_name FROM wp_posts
WHERE post_status='publish' AND post_type='post'
AND post_content LIKE '%gumboro%'"
```

`LIKE` inatafuta kipande popote ndani ya neno kwahiyo ile shida ya viambishi haipo. Ukitafuta `%chanj%` unapata chanjo, kuchanja, wamechanjwa, wote. Hii ndo silaha yangu sasa, natafuta mzizi wa neno badala ya neno.

Zimekuja 20, ukitoa yenyewe ni 19. Nilitaka kuweka linki zote 19, nikampigia shangazi, akaniuliza swali ambalo limenipangia kazi yote: "Huyo anayesoma, akifika hapo kwenye hiyo sentensi, anataka kujua nini?" Nikamsomea moja moja kwenye simu. Makala ya mtaji imeitaja Gumboro mara moja kwenye orodha ya hatari, pale msomaji anawaza hela, ukimtoa umempoteza. Ratiba ya chanjo imesema siku ya 14 ni Gumboro, hapo msomaji lazima ajiulize Gumboro ni nini na kwanini siku hiyo, hapo weka. Vifo vya ghafla vya vifaranga wa wiki 3 hadi 6, weka, tena juu kabisa, huyo ana kuku wanakufa sa hivi hana muda wa kusoma mpaka chini. Tumebaki na saba.

Maneno ya linki nayo yametuchukua muda. Ratiba ilikuwa hivi:

*Siku ya 14 wape chanjo ya Gumboro. Kusoma zaidi bonyeza hapa.*

"Hapa" haimwambii mtu kitu wala Google. Tena tulikuwa na "hapa" kwenye makala 50 na kitu, kila moja inaenda kwake. Sasa iko hivi, nimeweka mabano ya mraba kuonyesha linki inaanzia na kuishia wapi:

*Siku ya 14 wape chanjo ya Gumboro, mana [Gumboro hushambulia zaidi vifaranga wa wiki 3 hadi 6] na kinga inatakiwa iwe imeshajengeka kabla hawajafika umri huo.*

Linki imekaa ndani ya sababu. Na nimejifunza kuchukua jina pamoja na kinacholifafanua, "dalili za Gumboro" na sio "dalili" peke yake, kwasababu makala za dalili tunazo nyingi na neno moja likielekea sehemu sita halielekezi popote.

Halafu za kutoka. Yatima akishapata wa kumtaja, naye ataje wengine, la sivyo msomaji akifika anakwama. Kutoka Gumboro nimetoa tatu tu. Moja kwenda kwenye kusafisha banda, kwasababu kirusi chake kinadumu muda mrefu kwenye banda na matandazo, na anayepoteza kundi moja swali lake linalofuata ni kama anaweza kuleta vifaranga wengine. Ya pili kwenda kwenye maji ya kuchanganyia chanjo, mana maji ya bomba yenye klorini yanaua chanjo na watu wengi wanaharibikiwa hapo bila kujua. Ya tatu kwenye makala ya kutofautisha na koksidia, maana kuhara kunachanganya watu.

Makala moja, saa mbili na nusu. Ziko 86 zimebaki.

Siku ya 16, Jumapili

Leo nimekwama mahali ambapo sikutarajia. Natafuta makala ya kupokea linki ya Newcastle nakuta tatu. Moja inasema kideri, moja mdondo, moja Newcastle. Ugonjwa ni uleule, shangazi aliandika kwa miaka tofauti na kila mara alitumia jina analolisikia kwa wafugaji wa wakati huo. Na makala zetu nyingine zinaelekeza mara huku mara kule, kama mtu aliyegawa urithi kwa watoto watatu akidhani ni familia tatu.

Nimeangalia `Performance` kule Search Console, ya kideri ndo ina mibonyezo mingi, hiyo tumeibakiza. Shangazi kahamisha kilichokuwa kizuri kwenye zile mbili (sehemu ya kudondosha tone la chanjo jichoni ilikuwa nzuri zaidi kwenye ya mdondo), na majina yote matatu yako aya ya kwanza. Zile mbili zimeelekezwa:

```
Redirect 301 /mdondo-wa-kuku/ /kideri-newcastle/
Redirect 301 /ugonjwa-wa-newcastle/ /kideri-newcastle/
```

Linki za ndani nimezibadilisha ziende moja kwa moja, mana kumpitisha msomaji kwenye ridairekti ndani ya nyumba yako mwenyewe ni kumzungusha bure:

```
wp search-replace '/mdondo-wa-kuku/' '/kideri-newcastle/' wp_posts --include-columns=post_content --dry-run
```

Hiyo `--dry-run` kwanza, ikuambie itagusa mangapi bila kugusa. Ikasema 14, nikahesabu 14, nikaitoa nikaendesha kweli, halafu nikarudia kwa ile ya pili. Maneno ya linki nimeyaacha yalivyo, huku "mdondo", kule "kideri", yote yanaenda nyumba moja na ni sawa kabisa kwasababu ndivyo watu wanavyouita.

Kwahiyo makala ni 212 sasa.

Siku ya 23, Jumapili

Wiki hii nimefika yatima 52 waliopata angalau linki mbili za kuingia. Jioni tatu nimefanya, jioni nne nimelala.

Nimeona kwamba makala za magonjwa zinahitaji ukurasa mama, mmoja wa kuzikusanya. Kategoria ya WordPress ipo lakini inapanga kwa tarehe, mfugaji mwenye kuku anayezubaa hajali uliandika lini. Shangazi kaupanga kwa kile mtu anachokiona bandani: wanahara, wanakohoa, shingo imepinda, wana vipele kichwani, wanakufa ghafla. Chini ya kila kimoja sentensi mbili tatu na linki zake. Chini ya "shingo imepinda" kuna kideri, chini ya "vipele" kuna ndui. Ukurasa huo umeingia kwenye menyu ya juu, na kila makala ya ugonjwa inaurudia kwenye aya zake za mwanzo.

Sasa kutoka mwanzo mpaka makala yoyote ya ugonjwa ni mibonyezo miwili, hata zile za katikati zilizokuwa zimefukiwa kwenye orodha.

Nilitaka kutengeneza kurasa mama sita siku hiyohiyo. Shangazi kakataa, kasema za chakula hana bado za kutosha, ukurasa wa kukusanya makala nne ni sahani kubwa yenye maandazi mawili.

Siku ya 44, Jumapili

Nimeendesha lile swali la siku ya 2 tena. Yatima 6. Wote nawajua, ni matangazo na salamu za sikukuu, wakae hivyohivyo.

Gumboro imeingia Google, niliiona siku ya 29, na `Referring page` sasa inaonyesha ratiba ya chanjo. Kati ya zile 87, zilizokuwa hazijaindeksiwa zilikuwa 38, leo zimebaki 11. Sitasema ni linki peke yake, wakati huohuo nilirudisha namba za kurasa na kuunganisha zile tatu za Newcastle, siwezi kutenganisha kipi kimefanya nini. Ningekuwa na subira ningefanya kimoja kimoja.

Hizo 11 nimezisoma zote jana. Nyingi ni aya mbili tatu, moja inarudia neno kwa neno kilichoko kwenye makala nyingine. Zina linki nne, tano za kuingia na bado zinasema `Crawled - currently not indexed`, yaani Google kafika, kasoma, kaondoka. Hapo linki haina la kufanya, ni kazi ya shangazi.

Nimemtumia orodha. Kajibu anaanza na ile ya utitiri kesho, na kwamba nisiweke linki yoyote ndani yake mpaka amalize, mana mara ya mwisho niliweka linki kwenye sentensi aliyokuwa anataka kuifuta.